Nimekabidhiwa wateja wa mwenzangu: niwaandikie nini ili watulie?

Shikamoo Mama Mshauri. Nina umri wa miaka 29 na ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita mwenzangu aliyekuwa akisimamia wateja 34 aliacha kazi na kuhamia kampuni nyingine ya shughuli hiyo hiyo, nami nikakabidhiwa wateja wake wote. Siku ya pili niliwatumia ujumbe mmoja wa kujitambulisha, nikaeleza elimu na uzoefu wangu, nikawahakikishia kwamba hakuna kitakachobadilika. Waliojibu ni wawili tu. Mzee mmoja mwenye duka la vigae Kariakoo aliandika neno moja: "Tutaona." Mwingine, mwagizaji wa vipuri vya magari, aliuliza kama makubaliano yake na mwenzangu ya kulipa baada ya siku 30 bado yapo, nami sijayaona popote kwenye faili. Nasikia pia kwamba mwenzangu bado anawapigia simu. Je, niwaandikie upya? Niseme nini?

Mkabidhiwa, Dar es Salaam

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo huo. Nilifanya kazi kama yako kwa miaka mingi, na barua yako imenirudisha kwenye wiki moja ambayo sijaisahau, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Uliposema kwamba hakuna kitakachobadilika, ulisema kwa nia njema. Lakini mteja anayesoma maneno hayo ameshaona badiliko kubwa kwa macho yake: mtu aliyezoea kupokea simu yake hayupo tena. Zaidi ya hapo, mfanyabiashara ambaye kontena lake liko baharini hana haja kubwa ya kujua ulisoma wapi. Anataka kujua kama katika ofisi yenu amebaki mtu anayefahamu kwamba kontena hilo lipo, meli yake inatarajiwa lini, na ni karatasi gani bado haijapatikana. Ujumbe uliotumwa kwa watu 34 kwa maneno yale yale hauwezi kumjibu swali hilo, na ndiyo maana 32 kati yao walinyamaza.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Nilikabidhiwa wateja wa mwenzangu aliyeondoka ghafla, na mmoja wao alikuwa ameagiza mashine za kusaga nafaka, makontena mawili ya futi 40. Niliandika barua nzuri ya kujitambulisha, nikaipeleka mwenyewe kwa mkono, nikanywa na chai dukani kwake. Nisichokijua ni kwamba mwenzangu alikuwa amemwomba wakala wa meli siku za ziada za kukaa na makontena hayo, na akakubaliwa siku 21 badala ya 14. Jibu la kukubaliwa lilibaki kwenye barua pepe yake, ambayo ofisi iliifunga siku ile ile aliyoondoka. Wakala wa meli alipopiga hesabu hakuna aliyemwonyesha kibali hicho, akatoza kuanzia siku ya 15. Mteja alipopata ankara hiyo alinipigia simu, akaichukua barua yangu na kunisomea mstari mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya utulivu kabisa, kisha akaniuliza, "Sasa mwendelezo mliouahidi uko wapi hapa?" Kibali tulikipata baada ya wiki mbili na tozo ikapunguzwa. Hata hivyo kontena lake la tatu hakutuletea sisi.

Wewe unafahamu jinsi siku zinavyohesabiwa, lakini niruhusu niwaeleze wasomaji wengine, kwa sababu hapo ndipo ilipo hatari ya kipindi cha makabidhiano. Kontena likishateremshwa melini, huanza kuhesabiwa mambo mawili tofauti na kwa watu wawili tofauti. Bandari au bandari kavu huhesabu siku ambazo mzigo umekaa katika eneo lake, na mwenye meli huhesabu siku ambazo kontena lake halijarudishwa likiwa tupu. Kila upande una siku zake za bure, ambazo hutofautiana kulingana na mzigo na makubaliano, na zikiisha tozo huanza kupanda kwa kila siku. Ofisi ikitumia wiki moja kutafuta nani ana faili gani, wiki hiyo imekatwa kwenye siku za mteja. Yeye haoni mvurugano wenu wa ndani. Anachokiona ni ankara ya dimareji, yaani tozo ya siku zilizozidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lingine, kaa siku moja nzima na mafaili. Mwombe mkurugenzi wako akupatie barua pepe za kazi za mwenzako, zile zilizofungwa na zile zinazoendelea kuingia, na aagize zielekezwe kwako. Kisha zungumza na watu watatu ambao kwa kawaida husahaulika siku ya makabidhiano: karani anayeandaa matamko ya forodha, kijana anayefuatilia mizigo bandarini, na mhasibu. Kwa kila mteja chukua karatasi moja na uandike kazi zilizo wazi, namba ya kila kontena, tarehe meli inapotarajiwa, karatasi zilizopo na zinazokosekana, siku za bure zilizokubaliwa na mahali kibali chake kilipo, pamoja na fedha anazodai au anazodaiwa. Kijana wa bandarini atakuambia mambo yasiyoandikwa popote, kwa mfano kwamba mteja fulani hapendi mzigo wake utolewe Ijumaa mchana kwa sababu hana watu wa kuupokea. Jambo hilo nalo liandike.

Kuna mahali pamoja ambapo hutaweza kufika, napo ni simu binafsi ya mwenzako. Wengi wetu tuliwazoesha wateja kutuma ankara na hati ya shehena, hiyo wanayoiita bi-eli, kwa WhatsApp kwenye namba zetu wenyewe, na mtu akiondoka karatasi huondoka naye. Usihangaike kumwomba. Mwombe mteja akutumie tena, ukimtajia karatasi moja moja kwa jina, wala usimwambie atume "nyaraka zote". Na usimpe namba yako binafsi kuwa ndiyo namba ya kazi, kwa sababu siku utakapoondoka wewe, mwingine atakuwa pale ulipo leo. Iombe ofisi laini yake.

Karatasi hizo 34 zikikamilika utaona zenyewe nani wa kuanza naye. Tuseme umekuta wateja tisa wana mizigo iliyo njiani au bandarini. Hao usiwaandikie kwanza, wapigie, na wote tisa uwapigie ndani ya siku mbili. Baada yao wafuate wenye deni au mgogoro, kwa sababu ndio walio rahisi kuchukuliwa. Waliobaki, ambao hawana kazi wazi, watatosheka na barua. Katika simu usianze na historia yako. Baada ya salamu na jina lako, ingia moja kwa moja kwenye mzigo: "Kontena lako linaloishia na 4417 liko njiani, tunalitarajia Jumanne ijayo. Ankara na hati ya shehena ninazo hapa mezani. Orodha ya vifungashio sijaiona. Je, uliituma kwa namba ya zamani?" Utasikia sauti ya upande wa pili ikibadilika. Tarakimu hizo nne za mwisho zinamweleza kwamba faili limefunguliwa, jambo ambalo ujumbe wako wa kwanza haukumweleza.

Barua ije baada ya simu, na isitoke kwako. Itoke kwa mkurugenzi au kwa mtu ambaye mteja alikuwa akimfahamu tangu awali, ikiwa na sahihi yake, kwa sababu moja ambayo watu wengi hawaifikirii. Mtu asiyejulikana anayejitokeza ghafla na kusema kwamba kuanzia leo mawasiliano yote yapitie kwake ndivyo hasa matapeli wanavyoanza, na baada ya siku chache hufuata ujumbe wa kubadilisha akaunti ya benki. Mteja aliyenyamaza huenda hakukudharau, bali alikuogopa. Kwa hiyo barua iseme waziwazi kwamba akaunti haijabadilika, lakini isiitaje namba ya akaunti, ili mtu akiighushi barua hiyo asipate pa kuandika yake. Ningeiandika hivi:

"Ndugu Mteja (ataje jina lake), kuanzia tarehe 3 Machi kazi zako zinasimamiwa na Bi. (jina lako), kwa kuwa mwenzetu aliyekuwa akikuhudumia ameacha kazi katika kampuni yetu. Karani anayeandaa matamko yako ya forodha na mwenzake anayefuatilia mizigo yako bandarini ni wale wale unaowafahamu. Kwa sasa tuna kazi yako moja, kontena moja la vigae linalotarajiwa kufika tarehe 11 Machi. Hati ya shehena na ankara tunazo. Orodha ya vifungashio hatujaipata, na tunakuomba ututumie kabla ya tarehe 7. Namba ya simu ya ofisi na akaunti ya benki ya kampuni hazijabadilika, na kodi utaendelea kuilipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Ukipokea ujumbe wowote unaokutaka ulipe kwingine, usilipe, bali utupigie kwa namba ya ofisi uliyonayo siku zote. Kama kuna jambo mlilokubaliana na mwenzetu ambalo hukuliona katika maandishi, tafadhali tueleze kabla ya tarehe 10, nasi tutakujibu kwa maandishi."

Angalia kwamba barua hiyo haina ahadi hata moja ya jumla. Badala yake inawataja watu ambao hawakuondoka. Katika kazi yetu mteja humzoea kijana wa bandarini kuliko anavyomzoea msimamizi, na kumhakikishia kwamba kijana yule bado yupo kunamtuliza kuliko sifa zako zote. Sentensi ya mwisho nayo usiiondoe, hata kama mkurugenzi ataona inafungua mlango wa madai. Makubaliano ya mdomo yapo, upende usipende. Ni afadhali uyasikie sasa kuliko uyasikie siku ankara inapokataliwa.

Hapo nafika kwa yule mwagizaji wa vipuri. Asiambiwe ndiyo, na asiambiwe hapana. Ukisema ndiyo bila mamlaka, umeikopesha fedha ya kampuni. Ukisema hapana, umemwita mwongo mtu ambaye pengine anasema kweli. Mwambie hivi: "Nimekusikia. Nitakujibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni." Kisha nenda kwa mhasibu, utazame kazi zake sita za mwisho zililipwa lini. Kama zote zililipwa kati ya siku ya 25 na ya 35 baada ya ankara, na hakuna aliyemwandikia barua ya kumdai, basi makubaliano yalikuwepo kwa vitendo hata kama hayakuandikwa. Kama alikuwa akilipa siku ile ile na leo ndiyo mara ya kwanza anataja siku 30, anakupima. Katika hali zote mbili utaingia kwa mkurugenzi ukiwa na tarehe mkononi, na hilo litaushinda uvumi wowote.

Muulize pia ni malipo gani hasa anayoyasema, kwa kuwa neno "kulipa" lina mambo mawili ndani yake. Chukua mzigo wa shilingi milioni 40, thamani ikiwa imejumuisha nauli na bima, na tuseme ushuru wake wa forodha ni asilimia 25. Ushuru ni milioni 10. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya milioni 50, nayo ni milioni 9. Hapo kodi imefika milioni 19 kabla ya tozo nyingine, ilhali ada yenu ya uwakala kwa kazi hiyo tuiweke laki sita. Kumsubiri mteja siku 30 kwa laki sita ni huduma ambayo kampuni nyingi zinaweza kuimudu. Kumlipia milioni 19 na kusubiri siku 30 ni kumkopesha mtaji, na wateja watatu wa namna hiyo wanaweza kuikausha ofisi ndogo kabisa. Huenda mwenzako alikubali jambo la kwanza, na mteja, kwa kusahau au kwa kutumaini, akakumbuka la pili. Mkurugenzi akiamua, mwandikie mteja mistari mitatu: ada ya uwakala ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, kodi na gharama za bandari kabla ya mzigo kutolewa, na tarehe ambayo utaratibu huo unaanza. Kama jibu ni hapana kabisa, mweleze kabla meli yake inayofuata haijafika, ili apate muda wa kujipanga au hata wa kwenda kwingine. Kumweleza kontena likiwa tayari limeteremshwa ni kumtega, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Kuhusu mwenzako anayewapigia simu, fuata mwenendo mmoja tu. Sema kwamba ameacha kazi kwenu, basi. Usieleze kwa nini, usimseme vibaya, na usimuulize mteja aliambiwa nini. Mteja ana uhuru wa kumpa mzigo wakala yeyote mwenye leseni, na mtu anayelazimishwa kuchagua kati ya watu wawili mara nyingi huchagua yule aliyekula naye chakula. Kama kuna kipengele katika mkataba wa mwenzako kinachomzuia kuchukua wateja, hilo ni la mkurugenzi na mwanasheria wake, wala wewe usiliguse mbele ya mteja. Unachopaswa kujua ni kama ile kazi iliyo wazi bado ni yenu, kwa sababu mawakala wawili wakishughulikia kontena moja kila mmoja humsubiri mwenzake na siku za bure huisha. Muulize kwa heshima: "Kontena hili tuendelee nalo sisi?" Akisema ndiyo, mtumie ujumbe mfupi wa kuthibitisha maneno yake siku hiyo hiyo.

Utamtambua anayejiandaa kuondoka kabla hajasema. Ataanza kumpigia moja kwa moja kijana wa bandarini akikuruka wewe, au ataomba nakala za matamko yake yote ya mwaka mzima bila kueleza sababu. Anayekugombeza kwa sababu hukumpigia Jumatatu hajaondoka, bado anakutegemea. Aliyeacha kugomba na kuanza kuomba nakala, mtembelee wiki hiyo hiyo.

Kwa mwezi wa kwanza, wale tisa wenye mizigo wapelekee taarifa kwa siku na saa ile ile, tuseme kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, hata kama hakuna jipya. "Meli bado iko nje, inasubiri gati, hakuna tunachohitaji kutoka kwako leo" ni taarifa kamili. Ukipitisha siku mbili kimya, mteja huijaza nafasi hiyo kwa hofu zake mwenyewe, na simu ya mwenzako huingia hapo hapo. Wasio na mizigo usiwasumbue. Waandikie watakapoagiza.

Nimemwacha mzee wa Kariakoo mwisho kwa sababu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, na kwa sababu nadhani umemwelewa vibaya. Kati ya watu 34, alichukua simu yake akakujibu. Mtu aliyekwisha kuamua kuondoka hajisumbui kuandika. Nenda kwake katikati ya juma, asubuhi, baada ya duka kufunguliwa na kabla wanunuzi hawajajaa, na uongozane na kijana wa bandarini ambaye mzee anamfahamu, ili yeye ndiye akutambulishe. Mpe shikamoo, mwache amalize na mteja aliye mbele yake. Usibebe zawadi wala kalenda ya kampuni. Beba ile karatasi yake moja, iweke juu ya meza, na umwonyeshe kwa kidole namba ya kontena, tarehe ya meli, siku za bure zinaishia lini, na mahali palipoachwa wazi kwa sababu orodha ya vifungashio haijafika. Kisha muulize kama kuna kitu mwenzako alikuwa akimfanyia ambacho hakimo kwenye karatasi hiyo, utoe kalamu, na uandike atakachosema mbele ya macho yake.